Kisanamu cha chibi na vipimo vinavyomtambulisha mtu

Chibi ni mtindo wa Kijapani wa kuchora au kuunda mtu mwenye kichwa kikubwa na mwili mfupi. Mtu mzima wa kawaida ana urefu wa vichwa saba hadi saba na nusu; chibi huwa na viwili hadi vitatu. Mwili ukifupishwa hivyo, mengi hupotea. Kwa hiyo, kabla ya kuanza kazi, fundi huamua ni alama gani zisipotee.

Picha ya mwili mzima ipigwe kamera ikiwa usawa wa kiuno, mita tatu au nne kutoka kwa mtu. Ikipigwa kwa karibu kutoka juu, kichwa huonekana kikubwa na miguu mifupi, na vipimo vyote hukosewa.

Tuseme ni picha ya kijana mrefu mwenye miguu mirefu, mabega mapana, miwani na nywele zilizosimama. Kutoka utosini hadi kidevuni picha inasoma sentimita 2.8, na kutoka utosini hadi nyayoni 21: vichwa saba na nusu. Utosi ni mwisho wa fuvu, si wa nywele; nywele zikihesabiwa, mwili mzima utapunjwa. Kwa kuwa kijana huyu hujulikana kwa urefu wake, vichwa vitatu vinamfaa kuliko viwili. Kisanamu cha sentimita 12 kitakuwa na kichwa cha 4 na mwili wa 8.

Hizo 8 hugawanywa kwa kufuata picha. Chini ya kidevu picha ina sentimita 18.2, na miguu imechukua 10.5, yaani asilimia 58 hivi. Miguu ya kisanamu itakuwa 4.6, na shingo pamoja na kiwiliwili 3.4. Ikigawanywa nusu kwa nusu, kijana ataonekana mfupi. Mabega yake hayawezi kuzidi kichwa kama yalivyo pichani, kwa hiyo upana huonyeshwa kwa kupunguza nyonga: mabega 3.2, nyonga 2.2. Nywele huongezwa juu ya zile 12.

Usoni, macho hukuzwa na kushushwa chini ya nusu ya kichwa, na pua hubaki nukta. Hapo ndipo wengi hukosea: macho yakiwa ya mtindo mmoja, watu wote hufanana. Sura hubebwa na mstari wa nywele, umbo la nyusi, nafasi kati ya macho na fremu ya miwani. Vitu hivyo visilainishwe. Kilichozidi kawaida kizidishwe kidogo zaidi.

Mchoro ukikamilika, upakwe weusi wote na kuonyeshwa kwa mtu anayemfahamu mhusika. Akishindwa kumtambua kwa kivuli, kasoro iko kwenye nywele, mabega au miguu. Akimtambua kwa kivuli lakini si kwa sura, irekebishwe nafasi ya macho na nyusi kabla udongo haujakauka.