Mwongozo wa Malalamiko na Jumamosi ya Mwisho wa Mwezi

Duka ninalolizungumzia liko Kariakoo, Dar es Salaam, na linauza vyombo vya umeme vya nyumbani: blenda, pasi, majiko ya kupikia wali, feni, birika za kuchemshia maji. Wenye duka walichoka kusikia wateja wakigombana na wafanyakazi mbele ya watu, wakaamua kuandika utaratibu. Ukachapwa, ukalaminishwa, ukabandikwa nyuma ya kaunta ambako kila keshia angeuona.

Mwongozo ule ulikuwa mzuri. Ulisema mfanyakazi amsikilize mteja mpaka amalize, amwombe radhi, aangalie risiti, aandike jina, namba ya simu na tatizo kwenye daftari la malalamiko, kisha bidhaa ijaribiwe na jibu litolewe ndani ya siku mbili. Mteja akistahili, apewe bidhaa nyingine au arudishiwe fedha. Hakuna hatua hata moja pale ambayo mtu mwenye busara angeikataa.

Ulichokosa ni Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Mishahara imetoka, watu wamejipanga mpaka barazani, makeshia ni wawili, kijana wa stoo anapanda na kushuka ngazi na maboksi begani. Siku hiyo hakuna anayefungua daftari. Keshia akilifungua kwa dakika kumi, foleni yake inasimama, na aliye nyuma na noti mkononi anahamia duka la pili, ambalo liko hatua chache tu pale mtaani. Keshia analijua hilo, kwa hiyo anachagua njia fupi: "Njoo Jumatatu, bosi atakuwepo."

Nieleze kisa kimoja kwa kirefu, kwa sababu ndani yake mwongozo wote ulipimwa.

Mama mmoja alirudi na blenda aliyoinunua siku chache kabla. Keshia alimwamkia vizuri. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu. Hii mliyoniuzia inazima yenyewe. Nikisaga kidogo inakata, haiwaki tena." Keshia akaichomeka kwenye soketi ya kaunta, akaiwasha. Ikanguruma bila shida. "Mbona inawaka, mama?" Watu kwenye foleni wakaanza kuguna. Mama akaapa kwamba nyumbani ilikataa kabisa. Keshia akaizima, akaiwasha tena, ikawaka tena. Kuanzia hapo mama yule akawa anatazamwa kama mtu aliyeichoka blenda yake na sasa anatafuta fedha.

Wote wawili walikuwa wanasema kweli. Ndani ya mota za blenda nyingi kuna kifaa kidogo cha kinga kinachokata umeme mota ikipata joto kupita kiasi. Ikishapoa, umeme unapita tena na blenda inafanya kazi kama vile hakuna kilichotokea. Kutoka nyumbani kwa mama yule hadi Kariakoo, ndani ya daladala, mota ilipata muda wa kutosha kupoa. Kuiwasha tupu kaunta kwa sekunde chache kusingeonyesha kosa lolote, hata angeiwasha mara ishirini.

Mwongozo uliandika neno moja tu: "ijaribiwe". Haukusema ijaribiwe vipi. Jaribio la haki kwa tatizo kama hilo ni kuweka maji nusu jagi, kuiendesha kwa muda ambao kijitabu cha maelezo kinaruhusu (kwa blenda nyingi ndogo ni kama dakika moja), kuipumzisha kama kijitabu kinavyoelekeza, na kurudia mara kadhaa. Maji ni mzigo mwepesi. Blenda ikikata kwa maji matupu ndani ya muda inaoruhusiwa, basi kosa ni la mashine: huenda beringi ni ngumu, huenda kinga yenyewe ni mbovu. Ikivumilia maji bila kukata, muulize mteja, kwa upole na bila kumhukumu, alikuwa anasaga nini. Karanga kavu au mahindi kwenye jagi la juisi, kwa dakika tatu mfululizo, vitaichosha hata blenda nzima. Harufu nayo inasema. Mota iliyokwisha kuungua ina harufu ya waya ulioungua ambayo haitoki kwa siku nyingi, na fundi yeyote anaitambua akiinusa kwenye matundu ya chini.

Jaribio hilo haliwezi kufanyika kaunta, foleni ikiwa imesimama. Linahitaji meza pembeni, soketi, ndoo ya maji na mtu mmoja ambaye hapokei fedha. Hiyo meza ndiyo iliyokuwa imekosekana dukani. Mwongozo ulimpa keshia kazi ya fundi mahali pa keshia, kwa muda wa keshia.

Kuna jambo la sheria hapa ambalo wauzaji wengi hulishika nusu. Ukiingia duka la vifaa vya umeme Kariakoo, muuzaji atakufungulia boksi, atakuchomekea, uone kinawaka, ndipo ulipe. Kisha utaoneshwa kibao kwamba bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Sheria ya Mauziano ya Bidhaa, Sura ya 214, inamtaka anayefanya biashara ya bidhaa fulani auze kitu chenye ubora unaofaa kuuzwa. Ni kweli, sheria hiyohiyo inasema mnunuzi aliyekikagua kitu hawezi kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi ule ulipaswa kuionyesha. Lakini kuwasha blenda tupu kaunta kunaonyesha kwamba inawaka tu. Hakuonyeshi kwamba itakata ikipata joto. Kasoro iliyofichika haimalizwi na kule kujaribu, na mfanyakazi anayemwambia mteja "si ulijaribu mwenyewe?" anajibu swali ambalo hakuulizwa.

Turudi kwenye risiti, maana nayo ilimkwamisha mama yule. Alikuwa nayo, ila ilikuwa nyeupe. Risiti za mashine za EFD huchapwa kwa joto juu ya karatasi maalumu, si kwa wino. Ikikaa kwenye pochi pamoja na mafuta ya kupaka, ikiwekwa juani, au ikigusana na plastiki muda mrefu, maandishi hufifia mpaka hayasomeki. Kudai risiti safi kutoka kwa kila mteja ni kudai kitu ambacho karatasi yenyewe haikiahidi. Mama alikuwa amelipa kwa simu. Ujumbe wa muamala ulikuwa bado upo, una tarehe, kiasi na namba ya muamala, na kumbukumbu za mauzo za duka zingeweza kutafutwa kwa tarehe na kiasi hicho. Hakuna aliyemwomba ujumbe huo, kwa sababu mwongozo uliandika "risiti" na keshia akausoma kama ulivyoandikwa.

Mpaka hapo mtu anaweza kusema tatizo ni mwongozo kutokamilika. Ongeza maelezo ya jaribio, ongeza ujumbe wa simu, mambo yataenda. Mimi siamini hivyo. Nilipozungumza na makeshia walinieleza sababu iliyo chini ya zote, nayo haikuwa na uhusiano wowote na kutojua. Jioni kaunta inafungwa. Fedha zilizomo kwenye droo zinalinganishwa na mauzo ya mashine, na pengo likionekana, keshia ndiye anayeliziba. EFD haifuti mauzo yaliyokwisha kutoka; blenda iliyorudishwa bado inasomeka kama mauzo kwenye ripoti ya Z ya siku ilipouzwa. Kwa hiyo keshia akimrudishia mteja shilingi 85,000 kutoka droo yake, bila hati iliyosainiwa na mwenye mamlaka, jioni anaonekana ana upungufu wa shilingi 85,000. Bosi hayupo, simu yake imezimwa, na kesho keshia ndiye atakayejieleza. Katika hali hiyo kumwambia mteja "njoo Jumatatu" ni kujilinda. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka masharti ya kukata mshahara kwa ajili ya hasara: lazima hasara iwe imetokana na kosa la mfanyakazi, apewe maelezo kwa maandishi na nafasi ya kujitetea, na makato yasizidi robo ya mshahara. Makeshia wengi hawajawahi kuisikia sheria hiyo, na hata wakiisikia, wanaogopa kupoteza kazi.

Kinachofanya kazi kwenye maduka yaliyolitatua jambo hili ni kitu kidogo cha fedha, na ni lazima kitoke kwa mwenye duka mwenyewe. Msimamizi wa zamu anapewa kiwango, tuseme shilingi 100,000 kwa bidhaa moja, ambacho ndani yake anaamua kubadilisha au kurudisha bila kumpigia mtu simu. Fedha hizo hazitoki droo ya keshia. Kuna bahasha au kisanduku cha marejesho chenye kiasi maalumu, na kila kinachotoka kinaacha hati yenye saini ya msimamizi na ya mteja, ikiambatanishwa na risiti au namba ya muamala. Mwisho wa siku, fedha zilizobaki pamoja na hati zilizomo lazima zifike kiasi kilekile cha mwanzo. Mhasibu anakijaza upya kwa kuzingatia hati hizo, na hati hizohizo ndizo anazozitumia kurekebisha hesabu za mauzo. Keshia anatolewa kabisa kwenye ugomvi. Anachosema ni, "Mama, naomba usogee pale mezani, kaka yule atakusaidia," na foleni inaendelea.

Lipo ambalo utaratibu huu hauliponyi. Maduka mengi ya Kariakoo hununua kwa jumla kutoka kwa waagizaji ambao hawapokei bidhaa iliyorudi. Blenda mbovu ikipokelewa, hasara inabaki kwa mwenye duka. Hapo ndipo daftari lina thamani, mradi liandike modeli na namba ya bidhaa na si jina la mteja tu. Blenda tano za modeli moja zikirudi kwa kosa moja katika mwezi mmoja, mwenye duka anajua mzigo upi asiununue tena, hata kama haponi hasara ya ule wa kwanza.

Na daftari lina namna ya kusema ukweli hata likiwa tupu. Katika duka lile lilikuwa na kurasa chache zilizojazwa, nyingi kwa kalamu moja na mwandiko mmoja, kana kwamba zimeandikwa kwa kikao kimoja. Nyuma, stoo, kulikuwa na rafu nzima ya vyombo vilivyorudi: pasi, birika, mitungi ya blenda isiyo na mota. Nikimkuta mwenye duka anajivunia daftari jeupe, namwomba twende stoo kwanza.

Mama yule aliondoka na blenda yake mkononi, akiwa ameahidiwa Jumatatu. Kwa mwenye duka anayefikiria kuandika mwongozo wake, ombi langu ni hili: kabla hujaulaminisha, andika kwenye mstari wa kwanza kiasi cha fedha ambacho msimamizi wako wa zamu anaruhusiwa kukiamulia wewe ukiwa hupo, weka kisanduku cha marejesho, na utenge meza yenye soketi na ndoo ya maji. Kama huko tayari kufanya hayo, usiubandike.