Mikopo ya milioni 480, lakini iliyochelewa ni mingapi?

Afisa mikopo wengi huandika kwenye wasifu wao: “Nilisimamia mikopo ya Sh milioni 480.” Meneja wa tawi akisoma hapo, swali lake la kwanza ni kiasi gani kati ya hizo kimechelewa kurejeshwa kwa zaidi ya siku 30. Kutoa mikopo ni rahisi. Kazi ni kuirejesha.

Hapa ndipo wengi huharibu hesabu. Mteja mwenye salio la milioni 4 akishindwa kulipa rejesho la laki 3 na siku 30 zikapita, kinachohesabiwa ni milioni 4 zote, maana zote sasa ziko hatarini. Tuseme wateja wa namna hiyo wana salio la jumla la milioni 14.4. Gawanya kwa 480, unapata asilimia 3. Aliyejumlisha marejesho yaliyokosekana tu atapata asilimia ndogo mno, na mhojaji mzoefu atamshtukia.

Ukiandika kwamba wateja waliongezeka kutoka 160 hadi 210, taja muda, na useme wangapi ulirithi kwa mwenzako aliyehama. Karani wa dirishani naye aeleze kiasi anachohudumia kwa siku na mara alizofunga hesabu fedha zikipungua au kuzidi. Mafunzo ya kudhibiti utakatishaji wa fedha yaandikiwe mwaka yalipofanyika.

Majina ya wateja usiyaweke kabisa. Hiyo ni siri ya benki.