Kwa nini ganda la samaki hubanduka karaini

MPISHI anapogeuza kipande cha samaki na kuona ganda likisalia karaini huku nyama ikiwa tupu, aghalabu hulaumu mafuta. Hata hivyo, chanzo cha kasoro hiyo huwa kimetangulia kabla ya moto kuwashwa, nacho ni maji yaliyosalia juu ya samaki.

Maji hayo yanapopata joto la mafuta hugeuka kuwa mvuke. Mvuke nao, katika kutafuta njia ya kutoka, huliinua ganda na kulitenga na nyama. Ndiyo sababu unga hutangulia yai: hunyonya unyevu na kulipa yai mahali pa kushika. Yai huganda kwa joto na kuzishikilia chenga za mkate.

Chukua mfano wa nusu kilo ya minofu ya sangara, yaani mbuta. Ikiwa imetoka kwenye friza, sharti iyeyuke kabisa. Ikiwa imelowekwa kwa ndimu na chumvi, ipanguswe kwa kitambaa safi hadi ikauke, kwani chumvi huvuta maji kutoka ndani ya nyama.

Andaa sahani tatu: ya kwanza unga wa ngano vijiko 4, ya pili mayai 2 yaliyopigwa, ya tatu chenga kikombe kimoja na nusu. Kila kipande kipakwe unga, kisha kikung'utwe ili ubaki utando mwembamba tu. Unga ukizidi, yai halifiki kwenye nyama. Hutokea uji katikati, na ganda huteleza juu yake. Chovya kwenye yai, acha lichuruzike, kisha gandamiza chenga kwa kiganja pande zote.

Vipande vipumzishwe kwenye jokofu kwa dakika 15 hadi 20, bila kupandana, ili tabaka hizo zishikane.

Mafuta yawe na joto la takriban nyuzi 180. Asiye na kipimajoto atumbukize kipande kidogo cha mkate: kikigeuka rangi ya dhahabu kwa muda wa dakika moja hivi, mafuta yako tayari. Mafuta yakiwa baridi, ganda hulowa kabla ya kukauka. Vipande visisongamane, wala visiguswe hadi upande wa chini ushike rangi. Kisha vigeuzwe mara moja tu. Vikiiva viwekwe kwenye wavu bila kufunikwa, kwani mvuke ulionaswa huvilainisha.

Kwa katlesi za viazi, kanuni ni hiyo hiyo, ila viazi vilivyopondwa vipoe kabisa kwanza, maana vikiwa moto hutoa mvuke wake vyenyewe.

Ganda likibanduka bado, litazamwe upande wa ndani. Likiwa na utando mzito wa unga unaonata, unga ulizidi. Nyama ikionekana safi na telezi, haikukaushwa vya kutosha.