Dai Huru na Dai Tegemezi: Namna ya Kufupisha Madai ya Hataza

Hataza ni hati ya kulinda uvumbuzi, na mipaka ya ulinzi huo huwekwa na madai yake. Dai huru hujitosheleza. Dai tegemezi hutaja dai jingine, hulibeba lote, kisha huliongezea sharti. Mfupishaji na aanze kwa kutafuta utajo huo.

Tuchukue hataza ya Marekani nambari 5,960,411, ambayo kampuni ya Amazon ilipewa mwaka 1999 na ambayo muda wake ulikwisha mwaka 2017. Ilipotolewa ilikuwa na madai 26, na manne tu ndiyo huru: la 1, la 6, la 9 na la 11. Katika dai la 1, mnunuzi hufanya tendo moja tu, na tarakilishi ya muuzaji huandaa agizo kwa kutumia habari zake zilizokwisha kuhifadhiwa. Dai la 3 lataja njia ya dai la 1, kisha lasema kwamba tendo hilo ni kubofya kitufe. Dai la 4, kwamba ni kutoa sauti.

Asemaye kwamba hataza hii ilihusu kitufe amelifanya sharti la dai tegemezi kuwa mpaka wa dai huru. Mfanyabiashara aliyepokea maagizo kwa sauti angejiona salama, ilhali dai la 1 lingemnasa. Kinyume chake, asiyelivunja dai la 1 hawezi kulivunja la 3. Hata hivyo, dai la 1 likibatilishwa, la 3 laweza kusimama kwa sharti lake la ziada. Kwa hiyo muhtasari mwema hauyafuti madai tegemezi, bali huyapanga chini ya dai yanalolitegemea.