Kanuni Mpya Isiyo na Sahihi

Mwalimu wa shule ya kibinafsi, ambaye mkataba wake wampa likizo ya siku 30, akuta mwongozo mpya wa wafanyakazi ukimpa 21. Hakuutia sahihi. Je, wamfunga?

Tutenganishe mambo mawili. Amri halali za kuendesha kazi, mathalani kutia jina daftarini kila asubuhi, humfunga pindi ajulishwapo. Lakini mshahara, saa za kazi na likizo ni nguzo za mkataba. Kifungu cha 10(5) cha Sheria ya Ajira ya 2007 chamtaka mwajiri ashauriane naye, kisha amjulishe badiliko kwa maandishi. Tangazo ukutani halitoshi.

Hata hivyo, akiendelea na kazi miezi mingi bila kulalamika, kimya chake chaweza kuhesabiwa kuwa ridhaa. Basi aandike barua ya pingamizi mapema, na nakala aiweke.