Moto Umezimwa, Maharagwe Bado Yanaiva

Watu wengi wanaotumia presha kuka huhesabu vizuri dakika za motoni, lakini wakishazima jiko huona kazi imekwisha. Wanainua kile kidude cha juu ya mfuniko, mvuke unatoka kwa kelele, wanafungua. Kwa kabichi ni sawa kabisa. Kwa maharagwe, hapo ndipo chakula kizuri kinapoharibika.

Sababu yake iko kwenye maji. Katika sufuria ya kawaida, maji ya Mombasa au Dar es Salaam huchemka kwenye nyuzi 100 hivi. Nairobi, kwa kuwa iko juu sana kutoka usawa wa bahari, huchemka kwenye nyuzi 94 tu. Presha kuka huufungia mvuke, na mvuke ule huyakandamiza maji mpaka yafike karibu nyuzi 120. Ukizima moto, joto hilo bado limo. Sasa ukiutoa mvuke ghafla, kilichokuwa kinayazuia maji kimeondoka, nayo yanatokota yote kwa mkupuo mmoja, yakiwemo yale yaliyojificha ndani ya punje ya haragwe. Yale ya ndani yakigeuka mvuke hutafuta njia ya kutokea, na njia ni kupasua ganda.

Ndiyo maana unafungua na kukuta maganda yanaelea peke yake, punje nyingine zimesagika na nyingine bado ngumu kidogo katikati. Tena maharagwe hutoa povu. Mkupuo ule hulisukuma povu hadi kwenye tundu la mvuke, ukaona maji mazito yakitapika juu ya mfuniko. Yakikauka humo yanaliziba tundu, na tundu lililoziba ni hatari utakapopika tena.

Chukua nusu kilo ya maharagwe yaliyolowekwa usiku kucha. Mwaga maji ya kulowekea, tia maji mapya yayafunike na kuzidi kwa vidole viwili, ongeza kijiko cha mafuta ili kupunguza povu, na hakikisha vyote pamoja havipiti nusu ya sufuria. Presha ikishapanda, punguza moto uhesabu kama dakika 10 hadi 12. Maharagwe ya zamani yaliyokaa sana gunia huhitaji zaidi. Kisha zima na uache presha ishuke yenyewe. Kama unatumia mkaa au jiko la koili, iepue kabisa, maana jiko bado lina moto. Itachukua dakika 15 hadi 25, kutegemea wingi wa chakula, na muda wote huo maharagwe yanaendelea kuiva taratibu bila kurukaruka. Kwa hiyo dakika hizo zihesabu kuwa sehemu ya mapishi. Anayetoa mvuke mapema hupata maharagwe ambayo hayajakamilika, akayarudisha motoni, na haraka yake yote ikawa bure.

Nyama nayo inataka subira hiyo hiyo, hasa ile ya mifupa, kongoro na vipande vyenye kano. Mvuke ukitolewa ghafla, maji yaliyo ndani ya mnofu huchemka na kutoka nje. Utaitambua nyama ya namna hiyo: inachambuka nyuzi nyuzi, lakini ukiitafuna ni kavu, ingawa imekaa ndani ya supu. Iache itulie kama dakika 15 au zaidi kabla ya kufungua.

Mboga za majani, kabichi, mahindi mabichi na viazi vilivyokatwa vidogo ni kinyume chake. Hivi huiva kwa dakika chache mno, na ukiviacha ndani ya joto lile vinageuka uji. Toa mvuke mara moja, kwa kuinua kidude kwa mwiko mrefu, uso na mikono ikiwa mbali. Ukiwa na presha kuka ya jikoni unaweza pia kumwagia mfuniko maji baridi pembeni, si juu ya tundu. Ile ya umeme usiithubutu kwa maji.

Mchuzi wa nyama na viazi usivipike vyote pamoja. Pika nyama kwanza, iache itulie, fungua, kisha tia viazi na karoti uvimalizie mfuniko ukiwa wazi.

Njia yoyote utakayoitumia, usilazimishe mfuniko. Inua kidude kidogo: kikitoa mlio wa mvuke, bado. Kisipotoa, na pini ya usalama ikiwa imeshuka, mfuniko utazunguka bila nguvu. Ukikataa kuzunguka, ondoa mkono na usubiri.