Kwa Nini Ofisi Zikaenda Mvuha

Kwa miaka mingi mwananchi wa Morogoro Vijijini alikuwa na jambo la ajabu kidogo: akitaka kwenda kwenye halmashauri yake, alilazimika kwanza kutoka nje ya halmashauri hiyo. Ofisi zilikuwa Morogoro mjini, ndani ya eneo la Manispaa, ambayo ina mkurugenzi wake, madiwani wake na mapato yake. Halmashauri nyingi nchini zilikuwa hivyo, mpaka mwaka 2019 serikali ilipoziagiza zilizobaki mijini zihamie kwenye maeneo zinayoyatawala ndani ya siku 30. Ya Morogoro ikaenda Mvuha, upande wa kusini, katika barabara inayochepuka Bigwa kuelekea Kisaki.

Hapa tutenganishe mambo mawili ambayo vijiweni huitwa kwa jina moja. Mkuu wa Wilaya anamwakilisha Rais, na wilaya yake inaweza kuwa na halmashauri mbili, kama Morogoro ilivyo na Manispaa na ya vijijini. Mkurugenzi Mtendaji ndiye mwenye ofisi za ardhi, elimu, afya, kilimo na leseni. Kilichohamia Mvuha ni hiki cha pili, na ndicho mwanakijiji anachokitafuta siku nyingi za maisha yake.

Mahali pa makao makuu hujadiliwa katika baraza la madiwani, kisha Kamati ya Ushauri ya Wilaya, kisha ile ya Mkoa, kabla ya kufika TAMISEMI. Kwenye makaratasi vigezo ni vya kitaalamu: pawe katikati, pawe na maji, barabara na ardhi ya kutosha. Lakini diwani amechaguliwa na kata, na kila kata inajiona ndiyo katikati. Ndiyo maana mivutano ya makao makuu huchukua miaka, na mara nyingine huamuliwa kwa agizo kutoka juu baada ya vikao kushindwa.

Neno “katikati” lenyewe lina mtego. Katikati ya ramani si katikati ya barabara. Mtu wa Kisaki amefaidika bila ubishi, kwa kuwa Mvuha ipo njiani kabla hajafika mjini. Sasa mchukue wa Mikese, kando ya barabara kuu ya Dar es Salaam. Yeye anapanda gari hadi Bigwa, ukingoni mwa mji uleule ambao zamani ulikuwa mwisho wa safari yake, halafu anaanza upya zaidi ya kilomita 70 kuelekea kusini. Mvua za masika zikiharibu njia, karatasi ya kusainiwa kwa dakika tano inaweza kumgharimu siku mbili.

Kuna hasara nyingine isiyoonekana kwenye ramani yoyote. Mkulima wa Kinole alikuwa akishusha ndizi na machungwa sokoni mjini asubuhi, anapita halmashauri mchana, ananunua sabuni na daftari za watoto, anarudi. Nauli moja, shida tatu. Ofisi imehama, soko halikuhama. Safari ya Mvuha inajitegemea, na mara nyingi hana cha kuuza huko.

Kwa wenyeji wa kijiji kilichochaguliwa, kinachobadilika zaidi ni ardhi. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, serikali ikitaka kuichukua ardhi ya kijiji kwa matumizi ya umma, taarifa inapaswa kutangazwa siku 90 kabla. Eneo likiwa chini ya hekta 250, mkutano mkuu wa kijiji ndio unaokubali au kukataa; likizidi hapo, mkutano unatoa mapendekezo tu, na uamuzi uko kwa Waziri. Wanaohudhuria mkutano huo wanapaswa kujua hekta ngapi zinaombwa kabla ya kunyoosha mikono.

Kisha huja wapima. Shamba la ekari mbili linageuka viwanja vyenye namba, na anayevigawa si halmashauri ya kijiji tena. Mwenye shamba anastahili fidia ya ardhi, mazao na majengo, pamoja na posho ya usumbufu. Matatizo huanza mapema kuliko fidia: fununu za makao makuu zikisikika tu, wanunuzi wa mjini hufika na fedha taslimu, na shamba huuzwa kwa bei ya shamba miezi michache kabla halijawa kiwanja.

Ukitaka kujua kama makao makuu yamehamia kweli, usitazame kibao. Nenda pale Ijumaa alasiri uhesabu magari yanayoondoka kuelekea mjini. Mtumishi asiye na nyumba ya kupanga wala shule ya wanawe huja Jumatatu na kuondoka mwisho wa wiki, na mshahara wake unaendelea kutumika kulekule alikotoka. Mama ntilie wa jirani na ofisi analijua hilo kabla ya mtu mwingine yeyote: Jumamosi hapiki.